Kolwezi: baji imefungwa, lakini barua iko wapi?

Mbele ya jua kutoka, watumikaji wa Kasulo wanasimama pembeni ya barabara kungojea basi za kompani. Mutu anapanda, anafika ku mulango wa mine, anaweka baji ku mashini, na taa inawaka nyekundu. Zamu anamuangalia, anamuambia kwa sauti ya chini: « Papa, jina yako banaifunga. Rudia ku nyumba, batakuita. » Papa anauliza sababu. Zamu hajui. Shefu wa timu hapokei simu. Saa mbili ya asubui yuko tena mu Kasulo, na majirani wote wamemuona akirudi na sanduku yake ya chakula haijafunguliwa.

Kama umekaa mu Kolwezi, unajua hadisi hii. Siku hizi neno « susipansio » linasikilikana kila fasi mu Lualaba, na watu wanalichanganya. Tarehe 22 mwezi wa pili 2025, serikali ilisimamisha kutoa kobalti inje ya inchi kwa miezi 4. Mu mwezi wa 6 ikaongeza miezi mingine 3, kiisha tarehe 16 mwezi wa 10 ikaanza mupango wa kota, kila kompani na kipimo chake. Tangu wakati ule, mutumikaji anayefungiwa mulango anajiambia mara moja: ni juu ya kobalti. Pengine ni kweli. Pengine hapana: kuna raporo mu biro fulani yenye jina lake, na mutu hajamuambia.

Kwa hiyo tutenganishe mambo. Kuna kusimama kwa kazi juu ya hali yenye kompani haikuweza kuzuia. Kuna kusimamishwa kwa azabu, nayo ina kipimo: Kode ya Kazi inakubali tu mara mbili siku 15 kwa mwaka, tena lazima azabu ile iwe imeandikwa mbele, mu kontra, mu mapatano na sindika ao mu sheria ya ndani ya kompani. Na kuna ya tatu, njo ile tunataka kuzungumuza leo: kusimamishwa kwa ajili ya anketi. Hii ya tatu si azabu. Inamutoa mutu fasi ya kazi kwa siku chache, ili wanaofanya anketi waweze kusoma makaratasi na kusikiliza mashahidi pasipo yeye kuwa pale. Basi. Ikitumiwa kwa kitu kingine, imeharibika.

Sheria yenyewe ni fupi. Iko mu artikle 72 ya Kode ya Kazi, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa 10, 2002. Artikle ile inasema juu ya kosa zito, ni kusema kosa lenye kufanya upande mumoja usiweze tena kuendelea na kontra kwa roho safi. Patro anayetaka kuvunja kontra juu ya kosa zito anapashwa kuleta uamuzi wake kwa maandishi mu siku 15 za kazi, kuanzia wakati alipojua mambo yenyewe. Na kama anaona lazima ya anketi, anaweza kumusimamisha mutumikaji, lakini anapashwa kumujulisha mu siku 2 za kazi. Siku za kazi ni zote, isipokuwa siku ya mapumziko ya juma na sikukuu za serikali. Kwa hiyo posho inahesabiwa.

Sasa angalia vile saa hizi mbili zinatembea. Siku 2 ni za kumusimamisha. Siku 15 ni za kumufukuza, kama patro anafikia pale. Patro anayefunga baji leo na kuandika barua kiisha juma tatu amepoteza saa zote mbili. Wanasheria wanabishana juu ya swali moja: siku 15 zinaanza siku raporo ya kwanza ilipofika, ao siku anketi ilipomalizika na patro akajua kweli yote? Patro mwenye akili hangojei tribinali imujibu. Anahesabu tangu siku ya kwanza na anaachia siku mbili tatu za akiba.

Tuchukue mufano, na tuufanye pole pole. Shofere mumoja wa Kasulo anatumikia kompani ya sutretansi inayobeba madini kutoka Kolwezi mpaka Likasi. Ku siku ya kwanza ya juma, tarehe 2 mwezi wa 6, 2025, karatasi ya pompi inasema kamyo yake iliwekwa mazutu lita 500. Ku kurudi, kipimo cha tanki kinaonyesha imepungua lita 200 zaidi ya vile safari ile inakula kwa kawaida. Tarehe 3, siku ya pili, biro ya mazutu inaleta raporo kwa mukubwa wa personeli. Saa inaanza pale. Barua inapashwa kufika mu mukono wa shofere mbele ya mwisho wa siku ya ine, tarehe 5. Na kama kompani inataka kumufukuza kwa kosa zito, barua ya kumufukuza haiwezi kupita tarehe 20 mwezi wa 6, siku ya tano ya juma.

Barua muzuri ya kumusimamisha ingekuwa hivi:

*Kolwezi, tarehe 4 mwezi wa 6, 2025*

*Kwa Papa …, shofere. Juu ya: kusimamishwa kazi kwa ajili ya anketi.*

*Tarehe 3 mwezi wa 6, biro ya mazutu imetuletea raporo juu ya kamyo namba … Karatasi ya pompi ya tarehe 2 inaonyesha lita 500. Kipimo cha tanki ku mwisho wa safari kinaonyesha tofauti ya lita 200 na matumizi ya kawaida. Jina lako liko ku karatasi ya safari ile. Tunafungua anketi kwa kujua sababu ya tofauti hii.*

*Kwa ajili ya anketi, tunakusimamisha kazi kuanzia leo mpaka tarehe 18 mwezi wa 6, ndani yake. Hatua hii si azabu na haisemi kama umefanya kosa. Kontra yako inaendelea. Mushahara wako utalipwa kwa siku hizi, na matibabu yako na ya jamaa yako yanaendelea sawa mbele.*

*Kwa muda huu utaacha baji na funguo za kamyo ku biro ya personeli, kwa karatasi ya kupokea. Hautaingia mu mine wala mu paruki ya kamyo pasipo kuitwa. Utaacha simu yako wazi mu saa za kazi, na ukiitwa ku anketi utakuja. Tunakuomba usizungumuze na mashahidi juu ya jambo hili; delege wako na avoka wako hawamo mu katazo hili.*

*Uko na haki ya kujibu kwa maandishi mpaka tarehe 7 mwezi wa 6, saa sita ya muchana. Unaweza kuomba kopi ya karatasi ya pompi na ya karatasi ya safari mbele ya kujibu. Siku ya kusikilizwa unaweza kuja na delege wa watumikaji.*

*Tutakuletea matokeo kwa barua mbele ya tarehe 18 kuisha. Kama haujapata barua, utarudi kazini tarehe 19, ku saa yako ya kawaida.*

Soma tena kipande cha kwanza cha barua ile. Hakuna fasi inaposema « umeiba ». Haisemi hata « mazutu uliyoiba » ao « wizi wako ». Inasema karatasi moja inaonyesha hii, kipimo kinaonyesha ile, na jina lako liko pale. Hivi vyote ni vitu vyenye kompani inajua kweli siku ya tarehe 4. Ginsi lita 200 zilipotea, haijui bado. Kama ingejua, anketi ni ya nini?

Wakubwa wengi wanaona hii ni kucheza na maneno. Hapana. Mu mufano wetu, shofere anapoomba kopi ya karatasi ya safari, anaona kitu: kamyo ile inaendeshwa na watu wawili, mumoja muchana, mumoja usiku. Mazutu ilipimwa ku tanki asubui ya tarehe 3, na usiku kati ya 2 na 3 kamyo haikuwa mu mukono wake. Tena pompi iliandika lita 500 mara moja kwa zamu zote mbili. Lita 200 hazijulikani bado ziko wapi, lakini swali limebadilika: nani aliandika karatasi ile, na kwa nini hawakupima wakati wa kupeana kamyo? Kama barua ya tarehe 4 ingekuwa imeandika « umeiba lita 200 », kompani ingekuwa imejifunga yenyewe. Ingepashwa kurudia maneno yake, na mu Kolwezi mukubwa kurudia maneno yake mbele ya mushofere, tumeona mara ngapi?

Na kuna upande wa tribinali. Inchi yetu ilikubali mapatano namba 158 ya Shirika la Kazi la Dunia mu mwaka 1987, wakati wa Zaire. Artikle 7 ya mapatano ile inasema mutumikaji hafukuzwi juu ya mwenendo wake mbele ya kupewa nafasi ya kujitetea. Barua ya kusimamisha yenye kumuita mutu mwizi ni ushahidi, tena wenye sinyatire ya patro mwenyewe, kwamba uamuzi ulikatwa mbele ya kumusikiliza. Avoka wa mutumikaji hana lazima ya kutafuta mbali.

Sasa mushahara. Hapa njo kunatoka mabishano mengi. Kompani nyingi zinafanya sawa vile kusimamishwa kwa anketi ni kukosa kazi, zinakata siku zote. Kwa maoni yangu wanajidanganya. Mutumikaji hakukataa kutumika. Patro njo alimuambia asikuje, kwa faida ya anketi ya patro. Na kama unakata mushahara wa mutu juu ya jambo ambalo haujajua bado, umeshamupa azabu, hata kama barua inaandika juu yake « hii si azabu ». Kukata mushahara kunaifanya kuwa ile ya pili tuliyosema ku mwanzo, na ile ya pili iko na kipimo chake na masharti yake. Barua iseme wazi, kwa neno moja, inalipa ao hailipi. Ikinyamaza, mutu atajua tu siku ya malipo, na ile siku hasira inakuwa kubwa kuliko lita 200.

Matibabu pia. Mu mine nyingi, karte ya hopitali ya mama na ya watoto inafungwa pamoja na baji, juu ya mashini ni moja. Mutu wa enformatiki anafinya kitufe kimoja, na mutoto mwenye malaria anarudishwa ku mulango wa hopitali ya kompani. Kontra haijakufa. Patro anabaki na muzigo wa matibabu ya mutumikaji na jamaa yake wakati kontra iko nzima. Mukubwa wa personeli anapoandika barua, apige simu pia kwa ile biro ya mashini, aseme: funga mulango, usifunge hopitali.

Tufike sasa ku kitu chenye kutesa Kasulo zaidi. Watu wengi wanaopanda zile basi za asubui hawana kontra na mine yenyewe. Mu mwezi wa 11, 2021, shirika RAID pamoja na CAJJ ya hapa Kolwezi walitoa raporo juu ya mine tano kubwa za shaba na kobalti za Lualaba: asilimia 57 ya watumikaji walikuwa wa sutretansi. Kwa mutumikaji wa namna ile, mwenye mulango ni mumoja na mwenye kontra ni mwingine. Mine inafunga baji. Anaenda kwa kompani yake, anaambiwa: « Shiye hatukufanya kintu. Ni mine banakukatala. » Anarudi ku mine, anaambiwa: « Weye hauko mutu wetu. » Wiki mbili zinapita. Mwezi unaisha. Hakuna barua ya kusimamisha, hakuna ya kufukuza, na mutu hatumiki.

Baji si kontra. Mine inaweza kukatala mutu aingie fasi yake, hasa juu ya mambo ya usalama. Lakini patro ni yule aliyesinye kontra na analipa mushahara. Yeye njo anapashwa kuandika, mu siku 2 zile zile, hata kama raporo ilitoka kwa zamu wa mine. Akisema hana habari ya kutosha, aombe mine impe habari. Ni yeye yuko na mukataba wa biashara na mine ile, si shofere. Asipoandika kitu, mutumikaji hajasimamishwa kisheria: amezuiwa tu kutumika. Siku zake zinahesabiwa, na kompani inapashwa kuzilipa. Njo maana kompani za sutretansi zinapenda sana simu na zinaogopa karatasi.

(Muchimbaji wa mashimo, yeye, hata hiyo hana. Tangu kobalti ilipoonekana chini ya nyumba za Kasulo mu 2014, mpaka kiwanja kikazungushiwa ukuta mu 2017, anayechimba anauza anachotoa, hana kontra ya kazi. Wakimutoa ku mulango, artikle 72 haimufikie. Ni jambo lingine, na lina uzito wake.)

Turudi kwa shofere wetu na barua yake. Watu wengi wanakatala kusinye, wanaogopa kwamba kusinye ni kukubali kosa. Kusinye ni kukubali kwamba karatasi imekufikia, basi. Andika pembeni: « Nimepokea, tarehe 4, saa ine ya asubui. Sikubali yaliyosemwa, nitajibu. » Kiisha omba kopi yako. Ukikatala kabisa, patro ataita mashahidi wawili na barua itahesabiwa kuwa imefika, na weye utabaki pasipo kopi.

Kujibu pia kuko na ginsi yake. Barua nyingi za kujibu ambazo nimesoma zinaanza na miaka 12 ya uaminifu, watoto saba na Mungu anayeona yote. Yote inaweza kuwa kweli, lakini mufanya anketi anatafuta saa na namba. Jibu la shofere wetu lingeweza kukaa mu mistari tano: nilipokea kamyo tarehe 2 saa fulani, nilipeana funguo kwa shofere wa usiku saa fulani, na kayee ya zamu inaonyesha sinyatire zetu wawili, tanki haikupimwa wakati ule, naomba kopi ya kipimo cha asubui ya tarehe 3 na saa yake, naomba shofere wa usiku, mutu wa pompi na zamu wa paruki wasikilizwe. Asiseme kwamba mwenzake njo mwizi. Hajui, na anachoomba kwa ajili yake mwenyewe kinafaa kwa mwingine pia. Kuhusu injini iliyokaa ikiwaka mu mustari ya peaji, aseme kama ilitokea, lakini ajue hesabu: kamyo inayosimama na injini inakula lita chache kwa saa, kwa hiyo saa tano za kungojea hazielezi lita 200. Maelezo yasiyoenea yanaharibu na yale yenye kuenea.

Kama ni delege wa sindika njo amesimamishwa, kompani iwe na angalisho mara mbili, kwa sababu hawezi kufukuzwa pasipo Enspeksio ya Kazi kukubali. Mu Lualaba tunajua kwamba makosa ya madelege yanaonekana sana sana mu miezi ya mazungumuzo ya mushahara.

Tuseme sasa tarehe 18 imepita na barua haikuja. Mutu ana woga wa kwenda, anangojea simu. Asingojee. Barua yake inasema arudi tarehe 19. Aende tarehe 19, mu nguo za kazi, na kopi mu mufuko, ikiwezekana pamoja na delege. Kama taa inawaka nyekundu tena, aombe zamu aandike mu kayee yake kwamba amefika na saa aliyofika. Zamu akikatala, delege aandike. Siku ile ile atume barua fupi kwa kompani: nimekuja, nimezuiwa, niko tayari kutumika. Pasipo karatasi ile, kiisha mwezi mumoja kompani itasema aliacha kazi mwenyewe, na yeye njo atapashwa kuonyesha kinyume.

Kiisha pale, mulango ni wa Enspeksio ya Kazi, kwa sababu tribinali ya kazi haipokei mabishano ya mutu mumoja na patro wake kama haijapita kwanza kwa enspekta kwa kupatanisha. Anaingia na kontra, karatasi za mushahara, barua ya tarehe 4, jibu lake na ile barua fupi ya tarehe 19. Ikionekana kwamba alifukuzwa pasipo sababu ya kweli, sheria inaomba arudishwe kazini, na kama hawezi kurudishwa, tribinali inakata malipo ambayo hayawezi kupita miezi 36 ya mushahara wake wa mwisho. Asikawie: kudai mushahara ambao haukulipwa kuko na muda wa mwaka mumoja tu, na mu Kasulo kuna watu waliomaliza mwaka wote ule wakingojea simu ya « batakuita ».